Fikiri-jozisha-shirikisha mara tatu kwenye kipindi kimoja: niziweke wapi ili watoto wakimya waseme?

BibiChaki

Habari zenu walimu na wadau wengine humu ndani.

Nafundisha Hisabati Darasa la V, shule ya serikali, mkondo mmoja una watoto 86. Madawati ni ya watatu watatu, mengine wamebanana wanne. Kwenye andalio la somo naandika fikiri-jozisha-shirikisha, yaani mtoto afikiri peke yake, aongee na jirani, kisha waliambie darasa, na mthibiti ubora akipita anaweka vema yake na kuondoka. Shida iko darasani. Nikisema "haya, jadilini na wenzenu", kelele zinapanda, dakika zinapita, nikiuliza nani atatuambia, mikono inayonyooka ni ile ile ya madawati ya mbele. Wale wa kando ya ukuta na wa nyuma nawajua kwa madaftari yao tu, sauti zao sizijui.

Naingia kwenye kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Mwenzangu mmoja amenishauri niitumie mbinu hii mara tatu ndani ya kipindi. Hakunieleza mara hizo tatu ziwe wapi, wala nifanyeje asiseme yule yule mara zote tatu. Naombeni wenye uzoefu.

KomeaLaChuma

Mwalimu hilo mbona dogo. Wagawe makundi ya watu kumi kumi, kila kundi na katibu wake, katibu anakuja mbele anasoma. Kila mtu anakuwa ameshiriki.

FundiAndalio

Komea, hapo aliyeshiriki ni katibu. Kwenye kundi la kumi, mtoto mkimya anapata mahali pazuri pa kujificha kuliko hata alipokuwa peke yake, maana hakuna atakayegundua kwamba hakusema. Wakiwa wawili hawezi kujificha, kwa sababu asipozungumza yeye mazungumzo yamekufa, na mwenzake ataona.

BibiChaki, nipo chuo cha ualimu, kabla ya hapo nilishika chaki shule za msingi. Ngoja nikuandikie vizuri jioni, jambo lako linataka nafasi.

MzeeWaKengele

Mimi nimestaafu ukuu wa shule. Nawauliza tu: kipindi ni dakika 40. Mara tatu za kufikiri na kunong'ona, mada itaisha lini? Mwishoni watakuja kupimwa kwa mtihani wa taifa, hakuna atakayewauliza walinong'ona mara ngapi. Halafu ukipita barazani ukasikia darasa linavuma, unajuaje kama wanajadili sehemu au mpira wa jana?

MwlWaMaabara

Mnazunguka sana. Dawa ni moja, subira. Kuna mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alichunguza walimu wa sayansi akakuta mwalimu akishauliza swali anangoja kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mtu au kujijibu mwenyewe. Walipojizuia wakafika sekunde tatu na zaidi, majibu yakawa marefu na watoto waliokuwa hawasemi wakaanza kusema. Kwa hiyo uliza swali, hesabu moja mpaka tano moyoni, ndipo utaje jina. Hayo majozi ni mbwembwe.

FundiAndalio

Nimerudi.

MwlWaMaabara, habari ya Rowe ni kweli, na mwalimu asiyeweza kunyamaza sekunde tano asijaribu mbinu hii kabisa. Ila kungoja peke yake kunamsaidia yule ambaye jibu analo na anahitaji muda wa kulipanga. Darasa la watu 86 lina wengine wengi ambao hizo sekunde tano wanazitumia kuinamisha kichwa ili wasionekane. Kunyamaza kwako hakuwadai kitu. Mtu wa kuwadai ni jirani aliyewageukia akingoja neno. Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland, aliyeianzisha mbinu hii mwaka 1981, aliweka hatua ya kufikiri mbele kwa makusudi, lakini hakuishia hapo.

Sasa BibiChaki. Nianze na mahali, kwa sababu ndicho ulichouliza.

Mbinu inakaa pale penye swali ambalo watoto wawili wenye akili timamu wanaweza kulijibu tofauti. Ukiwaambia "jadilini 1/2 + 1/3 ni ngapi", hakuna cha kujadili. Anayejua anamwambia asiyejua, basi. Kwa hiyo kabla ya kuangalia saa, litafute somo lako lina njia panda ngapi za namna hiyo. Kujumlisha sehemu zenye asili tofauti kuna tatu ninazozijua.

Ya kwanza ni kwenye utangulizi. Andika ubaoni: "Ipi kubwa, 1/3 au 1/4? Kwa nini?" Watoto wengi watasema 1/4, kwa kuwa 4 ni kubwa kuliko 3. Usiwasahihishe bado. Hii ya kwanza iwe fupi, dakika nne zinatosha, na kushirikisha kwake kusiwe kwa maneno: kila mtu ananyoosha vidole vitatu au vinne kuonyesha upande wake, unaangalia darasa zima kwa mara moja, kisha dawati moja la kila upande linatoa sababu. Naiweka mapema hivi kwa sababu mtoto ambaye kinywa chake hakijafunguka mwanzoni mwa kipindi, mara nyingi hakifunguki tena. Hata kama amemnong'oneza jirani tu, ameshaanza.

Ya pili ndiyo moyo wa somo, na hapa walimu wengi wanakosea mahali. Wanaiweka baada ya kuonyesha njia ya KDS, kigawe kidogo cha shirika. Iweke kabla. Andika: "Juma amejumlisha 1/2 + 1/3 akapata 2/5. Bila kukokotoa, je, jibu lake linawezekana?" Juma amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, na nusu ya darasa lako lingefanya hivyo hivyo. Uzuri wa swali hili ni kwamba halihitaji kujua KDS. Nusu ya vipande vitano ni viwili na nusu, kwa hiyo 2/5 ni pungufu ya nusu. Juma alianza na nusu, akaongeza kitu, akaishia na pungufu ya nusu. Mtoto ambaye hesabu zimempiga chenga tangu Darasa la III anaweza kuliona hili kwa mchoro wa mkate, na mara nyingine analiona kabla ya yule anayekimbilia kanuni. Hapa toa dakika nane nzima. Wakishakubaliana kwamba Juma hayuko sawa, sasa wana haja ya kujua njia iliyo sawa, ndipo unaleta KDS ya 2 na 3 ambayo ni 6, unapata 3/6 + 2/6 = 5/6.

Ya tatu ni kwenye tafakuri, baada ya zoezi la daftarini. "Kujumlisha 1/4 + 1/6, Asha ametumia asili 24, Baraka ametumia 12. Nani yuko sahihi?" Mmoja atapata 10/24, mwingine 5/12, na watagombana vizuri mpaka wagundue ni kitu kimoja. Dakika tano. Hapo ndipo unajua kama KDS wameielewa au wameikariri kama "zidisha asili zote mbili".

Jumla dakika 17. Mzee wa kengele atashtuka, nitamjibu.

MzeeWaKengele

Nimeshashtuka.

FundiAndalio

Shikamoo mzee. Dakika hizo haziongezwi juu ya somo, zinachukua nafasi ya kitu. Angalia andalio la kawaida la mada hii: mwalimu anafanya mfano wa kwanza ubaoni, wa pili, wa tatu, kila baada ya mstari anauliza "tumeelewa?" na darasa linaitika "ndiyooo mwalimu". Mfano wa pili na wa tatu unavitoa. Utangulizi wa kuuliza "jana tulijifunza nini" unautoa pia, swali la 1/3 na 1/4 linafanya kazi hiyo hiyo. Ukipiga hesabu, unachopoteza hasa ni dakika nne au tano, na kwa mada ngumu kama hii ungezilipa tu kesho yake kwa kurudia somo.

Sisemi ufanye hivyo kila kipindi. Somo la kukamilisha majedwali ya kuzidisha halina njia panda tatu, huenda halina hata moja.

MzeeWaKengele

Marahaba. Hilo la mwisho umesema kweli. La kelele bado hujanijibu.

MamaTatu

Samahanini, mimi si mwalimu, nimeona kichwa cha habari nikaingia. Mwanangu yuko Darasa la III, nyumbani anaongea mpaka tunamwomba apumzike, shuleni mwalimu anasema hajawahi kumsikia. Hata akiulizwa jina lake anaangalia chini. Je, mbinu hii mwalimu wake akiitumia itamsaidia? Au ndiyo ataaibika zaidi mbele za watu?

TumainiWaKaunti

Dada MamaTatu pole. Mimi ni mwalimu Kenya, Gredi ya 7, somo langu ni Kiswahili. Mtoto wa aina hiyo niliwahi kuwa naye. Kwanza hakikisha masikio yake yamepimwa, usikate kauli kwamba ni aibu tu. Pili, ongea na mwalimu asimlazimishe kutoa jibu mbele ya darasa hata kwa nia njema. Awekwe na mtoto mmoja anayecheza naye nyumbani au njiani, na waachwe hapo kwa muda mrefu. Kusema na huyo mmoja kukitosha, kutoshe. Akikaa hivyo miezi bila mabadiliko, tafuta mtaalamu, hilo si la mwalimu peke yake.

BibiChaki nami nikuongezee moja. Kwangu jozi zina A na B. Sisemi "jadilini". Nasema "B anaongea, A anasikiliza", natazama saa, baada ya dakika nasema "badilishaneni". Bila hivyo mwenye mdomo anakula muda wote na mwenzake anaitikia kwa kichwa. Na anayeanza ni B, kwa maana nimewapanga mwenyewe na nimehakikisha wakimya wengi ni B. Wao hawajui hilo.

MwlWaMaabara

Ujanja mzuri huo wa B.

FundiAndalio

Mzuri sana, ila ubadilishe baada ya muda, watoto si wajinga, wataling'amua.

Sasa kelele, mzee. Kelele zenyewe zina habari ndani yake ukizisikiliza. Mjadala wa swali zuri huanza polepole, hupanda, na huendelea kuwa juu mpaka unapousimamisha. Ukiona umepanda ghafla halafu baada ya nusu dakika umeshuka na vicheko vimeanza, swali lilikuwa rahisi, wamemaliza, sasa wanaongelea mpira wako. Hapo usingoje muda uliouandika kwenye andalio, kata. Na ukiona darasa limekuwa kimya wakati wa jozi, wote wanaangalia ubao, basi swali hawajalielewa, lisome upya kwa maneno mengine. Namna ya kuwanyamazisha wafundishwe kabla, siku ambayo hakuna somo gumu: mwalimu akinyoosha mkono, kila anayeuona ananyoosha wake na kufunga mdomo. Ukianza kupiga kelele "kimyaaa" umeshashindwa.

BibiChaki, nimalizie sehemu ya pili ya swali lako, ya asiseme yule yule, maana naona ndiyo inayokuuma.

Kosa liko kwenye neno "nani atatuambia". Swali hilo linawachagua wale wale wa mbele kila siku. Liondoe kabisa. Badala yake fanya mambo haya kwa pamoja.

Wakati wa kufikiri, waandike. Dakika moja, kimya kabisa, kila mtu nyuma ya daftari aandike jibu moja na sababu moja, hata kwa maneno matatu. Hapo mkimya anapata kitu mkononi cha kusoma, halazimiki kutunga mbele za watu. Ukiiacha dakika hii, wa haraka wanaanza kusema na waliobaki wanaacha kufikiri.

Wakati wa jozi, zunguka, na usizunguke kwa madawati ya mbele. Nenda moja kwa moja ukutani na nyuma. Sikiliza, usifundishe. Ukimsikia mkimya mmoja ana wazo zuri, iname umwambie: "Hili ulilosema nitakuomba uwaambie wenzako." Mpe huo muda wa kujiandaa. Ukishamsikia wewe mwenyewe, hakuna hatari ya kumwaibisha, kwa kuwa unajua anachokwenda kusema.

Wakati wa kushirikisha, usiulize "wewe umepata ngapi", uliza "mwenzako amefikiri nini?" Jibu likiwa baya, si lake. Likiwa zuri, mwenzake anafurahi. Kwa mtoto mwoga tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

BibiChaki

Ahsante sana. Hilo la kusema wazo la mwenzake sikuwahi kulifikiria. Maswali mawili: madawati yangu ni ya watatu, jozi nitaipata wapi? Na haya yote naandikaje kwenye andalio? Maana safu zenyewe ni nyembamba.

KomeaLaChuma

Siku hizi andalio linachapwa kwenye kompyuta, mwenye muundo mpya wa mtaala ulioboreshwa kwa Hisabati aniwekee hapa tafadhali, hata wa Sayansi.

TumainiWaKaunti

Komea, huyu anauliza cha kuandika ndani yake, hatafuti karatasi yenyewe.

FundiAndalio

Dawati la watatu: wawili wanaongea, wa tatu ni mjumbe. Mjumbe anasikiliza tu, na ndiye atakayetoa habari. Swali la kwanza mjumbe ni wa ukutani, la pili wa katikati, la tatu wa njiani. Una vituo vitatu na watoto watatu, imejipanga yenyewe. Walipo wanne ni jozi mbili, hapo huna shida.

Kwenye andalio usiandike jina la mbinu. "Kuwaongoza wanafunzi kufikiri, kujozisha na kushirikisha" haikusaidii wewe wala anayekukagua. Kituo cha pili kingesomeka hivi. Vitendo vya mwalimu: "Kuandika swali la Juma ubaoni (1/2 + 1/3 = 2/5, linawezekana?). Kimya dakika 1. Wawili kuongea dakika 2, kubadilishana kwa ishara. Kusikiliza madawati ya ukutani. Wajumbe wanne wa katikati kueleza, dakika 5." Vitendo vya mwanafunzi: "Kuandika jibu na sababu, kumweleza mwenzake, mjumbe kueleza alichosikia." Kwenye upimaji: "Je, wanafunzi wanaweza kueleza kwa nini 2/5 haiwezi kuwa jibu?" Swali liandike neno kwa neno. Ukilitunga pale pale ubaoni litatoka baya, nakuhakikishia. Hatua kwenye muundo mpya zina majina mengine, vituo ni vile vile: unapoamsha, pale wanapojikwaa, na kabla hujafunga.

MwlWaMaabara

Hapo kwa mjumbe sikubaliani. Umemwondolea mkimya kazi ya kufikiri. Atakaa asikilize, arudie kama kasuku. Utaona sauti zimeongezeka darasani, lakini hesabu hajui.

FundiAndalio

Pingamizi la haki. Ndiyo maana dakika ya kuandika ni ya wote watatu, mjumbe akiwemo, na ndiyo maana ujumbe unazunguka. Lakini nakubali kwamba anayeripoti tu anaweza kupita kipindi kizima hajafikiri. Ukitaka kujua, angalia nyuma ya madaftari. Aliyesema vizuri na daftari lake ni tupu, hajashiriki bado.

Mwl_KidatoKwanza

Naomba kuingiza la kwangu. Niko sekondari, Baiolojia Kidato cha Kwanza. Wangu hawanyamazi kwa aibu. Wametoka shule za msingi za Kiswahili wamefika hapa kila kitu Kiingereza. Mtoto anajua kabisa kwa nini mmea hunyauka, ila hawezi kulisema. Nilichofanya: kufikiri na jozi, watumie Kiswahili. Kabla ya kushirikisha naongeza dakika moja ya jozi kulitafsiri wazo lao, na ubaoni nimeandika mwanzo wa sentensi ya Kiingereza ili waimalizie. Wanasema. Wanakosea sarufi, lakini wanasema.

MzeeWaKengele

Mwalimu, lugha ya kufundishia sekondari unaijua. Ukiwaruhusu Kiswahili kwenye jozi, Kiingereza watakizoea lini? Mtihani hautakuwa na dakika ya jozi.

Mwl_KidatoKwanza

Mzee, wakikaa kimya mwaka mzima hawakizoei pia. Angalau hivi wanafika kwenye sentensi ya Kiingereza wakiwa na kitu cha kuiwekea.

MzeeWaKengele

Na mkaguzi akiingia dakika hiyo?

TumainiWaKaunti

Hapa mtabishana mpaka asubuhi. Hata kwetu kila chumba cha walimu kina pande mbili za jambo hilo.

BibiChaki

Nimerudi na mrejesho, somo limefundishwa.

Kituo cha kwanza kilienda haraka kuliko nilivyotarajia. Vidole vinne vilikuwa vingi mno, mpaka wale wa mbele ninaowategemea. Sikusahihisha, nikawaacha na ubishi wao. Binti mmoja wa nyuma alimwambia mwenzake "chapati moja mkigawana wanne unapata kidogo". Nilikuwa nimesimama karibu. Nikamwomba aseme, akasema kwa sauti ndogo, mwenzake akarudia kwa kelele. Sijui kama hapo nihesabu amesema yeye au mwenzake.

Kituo cha Juma kilikuwa kizuri. Mjumbe mmoja alitoa habari hivi: "Huyu anasema linawezekana, huyu anasema haliwezekani, na mimi naona haliwezekani kwa sababu imepungua." Huyo kijana sijawahi kumsikia akitoa sababu ya kitu chochote. Ila dakika nane zikawa kumi na mbili, kwa sababu madawati mengine hayakujua 2/5 kuilinganisha na nusu, ikabidi nichore.

Matokeo yake kituo cha tatu kilibanwa. Nilibaki na dakika mbili, nikauliza swali la Asha na Baraka, wakajadili kidogo, kengele ikalia. Hakuna aliyeshirikisha. Je, siku kama hiyo ni bora nikiache kabisa?

FundiAndalio

Usikiache, kibadilishe umbo. Ukiona zimebaki dakika mbili, ruka jozi na kushirikisha. Kila mtu aandike jibu lake nyuma ya daftari, Asha au Baraka au wote, na neno moja la sababu. Unakusanya madaftari ya safu moja tu, si 86. Kesho yake kituo cha kwanza kinakuwa hilo hilo swali, kwa jozi. Somo lako la kesho limeshapata utangulizi.

Na mchoro wa 2/5 uweke ubaoni kabla ya kipindi. Ni mstatili wa vipande vitano, viwili vimetiwa chaki, na alama pale nusu inapokata kipande cha tatu. Hizo dakika nne zilizopotea ziko hapo.

Kuhusu binti wa chapati, mimi ningehesabu amesema. Alama yenyewe uiweke wapi? Chukua orodha ya majina ya darasa, bandika ndani ya jalada la andalio. Kila anayesikika na darasa zima, kijistari. Usiweke cha wale wa mbele, unawajua. Baada ya wiki chache tazama majina yasiyo na kijistari yamekaa wapi. Mara nyingi hayajatawanyika, yako safu moja, na kumbe mwalimu hapiti huko.

MwlWaMaabara

Au ukute wote ni wasichana. Mimi nilipofanya hivyo maabara ndivyo ilivyokuwa. Jozi za mvulana na msichana, mvulana anashika kifaa, msichana anaandika. Nikazitenganisha.

TumainiWaKaunti

Kwangu kinyume, wavulana ndio hawasemi kwenye ushairi. Inategemea somo.

BibiChaki

Orodha nitaibandika. Kuna mmoja ananitatiza: anaripoti vizuri kabisa akiwa mjumbe, lakini ile dakika ya kuandika haandiki kitu. Kila mara daftari tupu. Nimemuuliza, anasema "nilisahau".

FundiAndalio

Anakaa wapi?

BibiChaki

Dawati la mwisho, upande wa dirisha.

FundiAndalio

Basi kabla ya yote mwombe akusomee kilichoandikwa ubaoni akiwa pale pale alipokaa. Swali unalosoma kwa sauti analisikia, ndiyo maana akiwa mjumbe yuko sawa. Akishindwa kulisoma, mlete mbele umwombe alisome tena. Akiliona kutoka mbele, ni macho. Akishindwa hata mbele, ni kusoma, na hilo ni kazi nyingine kabisa.

MamaTatu

Nami nimempeleka wangu kupima masikio, majibu tumeambiwa wiki ijayo. Nitawajuza.